Maneno Yaliyo Nje ya Video

Mimi ni fundi sauti, na kazi hii imenifundisha kutowaamini sana watu wanaoongea vizuri kabla ya kuwashiwa maikrofoni. Chapuchapu, dada wa pale studio kwetu, alikuwa mmoja wao. Alhamisi ile mchana alisimama katikati ya studio yetu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la kutengeneza simu, karatasi mkononi, akiuhutubia ukuta.

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, nalo halimsumbui mtu. Sisi tulimwita Chapuchapu kwa sababu mwenzake akiwa bado anatafuta waya, yeye ameshahariri harusi nzima na kuipandisha mtandaoni. Mimi hurekodi sauti, mwenye studio hushika kamera, na yeye hukata, huunga, kisha huandika yale maneno yote ambayo video huvikwa kabla haijatoka nje. Kwa hayo maneno alijiona hana mpinzani, na kusema kweli mjini kwetu hakuwa naye.

Kituo cha vijana kilikuwa kimemwalika afungue warsha ya Jumamosi. Waalikwa ni vijana walioanza juzijuzi kurekodi video kwa simu zao, na mada ni metadata. Alipewa dakika chache tu za ufunguzi, lakini kwa alivyojiandaa ungedhani anakwenda kuapishwa.

“Nisikilize,” aliniambia. “Na usicheke.”

Nikaweka chai chini. Akasoma:

“Vijana wenzangu, mtazamaji hakutani na video yako kwanza. Anakutana na maneno yake. Kuna kichwa, kuna maelezo ya chini, kuna lebo za kusaidia utafutaji, kuna picha ya jalada. Yote hayo yako nje ya video, na ndiyo tunayoyaita metadata: habari kuhusu video, siyo video yenyewe. Nyingine huandikwa na simu yako bila kukuuliza, kama tarehe, saa, aina ya simu, na hata mahali uliposimama ikiwa umeiruhusu. Nyingine unaandika wewe. Leo nitawaonyesha jinsi kichwa kimoja tu kilivyomfikisha fundi cherehani asiyejulikana kwa watu elfu arobaini.”

Akashusha karatasi na kunitazama, akisubiri sifa.

“Elfu arobaini,” nikasema. “Walitazama mpaka wapi?”

“Unauliza nini?”

“Video ina dakika kumi na mbili. Nauliza walifika dakika ya ngapi.”

“Wewe shughulika na nyaya zako.”

Huyo fundi cherehani alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Sote pale studio tulimpelekea nguo zetu. Mama yule hakuwa mshonaji wa nguo mpya. Kazi yake ilikuwa kufufua. Zipu zilizokufa, kola zilizolika, suruali za marehemu zinazotakiwa kumfaa mrithi. Wiki chache nyuma Chapuchapu alikuwa amemrekodi akitengeneza koti la harusi lililoshuka bega moja. Ili kulifikia bega ilibidi alipasue bitana kwa wembe, atoe pedi, aipange upya, kisha afunge pale pale mshono ulipokuwa. Kazi ilikuwa safi mno. Mimi mwenyewe nilirekodi sauti ya ule wembe, na nilisisimka.

Alipomaliza kuhariri, Chapuchapu alipeleka kompyuta mpaka kwa shangazi akamwonyesha video nzima. Shangazi alitazama mikono yake mwenyewe kwenye kioo kama mtu anayemtazama mgeni wa heshima. Akasema, “Itoe.” Chapuchapu akarudi studio, akaipandisha, na hapo ndipo akaandika kichwa: “TAZAMA FUNDI HUYU ALIVYOLIHARIBU KOTI LA HARUSI LA MTEJA.” Kwa jalada alichagua picha moja ya katikati ya kazi: wembe umezama kwenye bitana, shangazi amebana pini mdomoni hivyo uso umekunjamana, na juu yake mshale mwekundu. Alinionyesha. Nilicheka. Aliniambia watu wataingia kwa hasira na kutoka wakipiga makofi, nami nikaona ana akili.

Sasa mpango wake ulikuwa kumwalika shangazi Jumamosi bila kumwambia sababu, amkalishe mstari wa mbele, kisha amtaje ukumbi mzima umpigie makofi. Akaniomba nimsindikize kwenda kumpa habari. Alichukua na koti lake la bluu la kuvaa siku hiyo, bitana yake ilikuwa imefumuka chini ya kwapa. Nami nilikuwa na suruali ya kupunguza, nikaibeba.

Chumba cha shangazi cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mlango unatazama uchochoro. Mara zote nilipokwenda pale ilinibidi nipinde mgongo kupita chini ya nguo zilizotundikwa kwenye bomba kutoka ukuta mpaka ukuta. Siku ile nilipita nimenyooka. Bomba lilikuwa tupu, isipokuwa sare moja ya shule na vibanio vya waya. Shangazi alikuwa ameketi mashineni akifumua pazia lake mwenyewe.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Na wewe wa sauti, karibu. Leo mmeniletea kazi, mmefanya la maana.”

Alipokea koti akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kwapa, akatikisa kichwa. “Huku unapigana na nani?”

“Na kazi, shangazi.”

“Kazi gani inapasua kwapa.” Akacheka kidogo, akalitundika koti kwenye bomba. Likaning'inia peke yake na ile sare.

Chapuchapu alitazama bomba. Nilimwona akitaka kuuliza, kisha akaamua kuanza na habari njema. Akaeleza warsha, ukumbi, vijana, kwamba yeye ndiye mfunguzi. Shangazi alifurahi mpaka akavua miwani akaifuta. Akasema atakuja, atavaa lile gauni la kijani.

Ndipo akaingia mama mmoja mnene, mwenye haraka, funguo za gari zikilia kidoleni. Nilimfahamu kwa sura; tulikuwa tumeitwa kurekodi harusi ya binti yake mwezi unaofuata. Hakuketi.

“Fundi, samahani. Lile gauni la binti. Nalichukua.”

“Bado sijaligusa, mama. Nilisema Jumatatu.”

“Ndiyo maana. Nalichukua kabla hujaligusa.” Aliposikia alichokisema mwenyewe akapunguza sauti. “Usinielewe vibaya. Ni binti. Wenzake wamemtumia ile picha, akalia usiku kucha. Anasema, mama, umempelekea gauni yule anayeharibu koti za watu.”

Shangazi aliinuka, akatoa gauni kabatini likiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, akalilaza kwenye mikono ya yule mama kama unavyolaza mtoto aliyelala. “Video yenyewe mliitazama?” akauliza.

“Nani ana muda, fundi. Maneno yanajisema.”

“Maneno yale si yetu. Video ilitengenezwa na mtoto wangu huyu hapa, na mimi niliitazama yote mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa na neno hata moja la matusi. Kuna mtu ameichukua akaibandika maneno yake. Si ndiyo, mwanangu?”

Sasa sikilizeni. Mimi nilikuwa nimesimama baina yao, suruali yangu mkononi. Nilimwona Chapuchapu akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga. Kisha akatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa ni shingo tu inamuuma. Yule mama akasema pole, akaondoka na gauni. Na mimi nilikaa kimya vilevile.

“Wa sita huyo,” shangazi alisema baada ya kuketi. “Sikutaka kukuambia, ungeumia bure. Wengine walinionyesha kwenye simu zao. Nikawaambia wote, yule mtoto nimemlea mimi, hawezi kuandika vile. Nikamfukuza mmoja hapa hapa mlangoni kwa sababu alisema ni wewe.” Akavaa miwani. “Koti lako nitakuletea Jumamosi asubuhi ukumbini. Bitana hii ni kazi ndogo.”

Shangazi ana simu ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Aliyoionyeshwa siku ile kwenye kompyuta ilikuwa video tupu, kabla ya kupandishwa, na video tupu haina kichwa. Hakudanganywa kwa picha hata moja. Uongo wote uliwekwa pembeni, mahali ambapo yeye hakuwa na jicho.

Tulipofika kwenye kona ya uchochoro Chapuchapu aliegemea ukuta akatoa simu. Akafuta kile kichwa akaandika kingine: “Jinsi ya kutengeneza bega la koti lililoshuka.” Akabadilisha jalada, akaweka koti lililokamilika. Akafuta lebo za “aibu” na “fundi mbaya,” akaweka “cherehani,” “bitana,” “kurekebisha koti.” Alifanya yote hayo akiwa amesimama, upesi, kama kawaida yake. Kisha akavuta pumzi.

“Imekwisha,” akasema.

“Imekwisha kwa atakayeitafuta kuanzia sasa. Na wale waliotumiana picha ya kioo cha simu?”

Akairudisha simu mfukoni. Alikuwa anajua kuliko mimi. Kichwa ukikibadilisha, kinabadilika pale mtandaoni kwenye ukurasa wa video. Ile picha iliyopigwa na kusambazwa kwenye makundi ya harusi na ya wazazi wa shule ni nakala, iko ndani ya simu za watu, haina kamba ya kuivuta. Hata angeifuta video yote, mshale mwekundu ungebaki unamwelekeza shangazi yake kidole.

“Mwambie,” nikasema.

“Nitamwambia. Baada ya Jumamosi.”

“Kwa nini baada?”

“Kwa sababu amesema atavaa gauni la kijani.”

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na yeye akayapokea yote akitazama chini, jambo ambalo kwake ni dalili ya ugonjwa.

Ijumaa alikaa mbele ya kompyuta bila kukata chochote. Niliposogea niliona amefungua takwimu za ile video, ule mchoro unaoonyesha watazamaji wamebaki wangapi kila dakika. Mstari ulianza juu, ukaporomoka kabla ya dakika ya kwanza, kisha ukaendelea kutambaa chini chini mpaka mwisho. Wembe huingia kwenye koti sekunde ya ishirini. Bega hukamilika dakika ya kumi na moja. Waliofika huko wangetoshea kwenye chumba cha shangazi na nafasi ikabaki.

“Ulikuwa umeniuliza,” akasema.

“Nilikuuliza.”

“Nilikuwa naangalia namba ya juu tu.” Alipitisha kidole juu ya ule mstari. “Waliingia kuona koti likiharibiwa. Wakaliona likipasuliwa. Wakaondoka wameridhika. Nimewapa nilichowaahidi.”

Akachukua karatasi ya hotuba, akakata mistari yote inayomhusu fundi cherehani, akaandika mfano mwingine wa video ya kupanda miche iliyokuwa na kichwa kizuri na sifa njema. Ilikuwa hotuba salama kabisa. Shangazi angeketi, angepiga makofi, angerudi nyumbani na heshima yake nusu. Nilimwambia naona anavyokwepa. Akasema anaona pia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, feni mbili, kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha kimefungwa kwa kamba dirishani. Mratibu wa warsha, kijana mpole mwenye beji kubwa kuliko kifua, alikuwa anahangaika na rejista na chupa za maji. Shangazi alifika mapema, gauni la kijani limepigwa pasi mpaka linang'aa, mfuko mkononi. Akalitoa koti mfukoni, akamvika mpwa wake mwenyewe mbele ya watu, akamnyoosha kola, akapiga bega mara mbili kwa kiganja.

“Tafuta palipofumuka,” akamwambia. “Ukipaona nirudishie.”

Mimi nikaja kumbana kile kimaikrofoni kidogo kwenye kola. Nikarudi kwenye meza yangu ya nyuma, nikavaa vipokea sauti masikioni, nikafungua chaneli yake. Watu hawajui hili, lakini maikrofoni ya kola haisikii maneno tu. Nilisikia mate yakimezwa. Nilisikia bitana mpya ikisuguana na blauzi kila alipovuta pumzi.

Mratibu akamtambulisha. Akaanza.

“Vijana wenzangu, mtazamaji hakutani na video yako kwanza. Anakutana na maneno yake.”

Sauti ilikuwa nzuri. Alieleza kichwa, maelezo, lebo, jalada. Alieleza kwamba simu huandika tarehe na mahali, na kwamba ukimtumia mtu faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye simu, mahali pako panaweza kwenda nalo. Kwa hiyo kagua mipangilio ya kamera kabla hujarekodi nyumbani kwako. Vijana wakatoa simu kukagua pale pale. Alikuwa anakaribia ile miche yake.

Binti mmoja wa mstari wa katikati akanyoosha mkono. Mratibu akamwashiria asubiri, lakini Chapuchapu, kwa mazoea tu, akasema, “Sema, dada.”

“Samahani. Hii ndiyo metadata nzuri?” Akainua simu yake juu ya kichwa watu waone. Kutoka nyuma sikuweza kusoma maneno, lakini mshale mwekundu niliuona. “Imesambaa kwenye kundi letu. Jina la studio yenu liko chini yake. Fundi anayeharibu koti. Ni nyinyi?”

Wengine wakacheka. Hakuna aliyecheka kwa ubaya, walikuwa wameshaiona tu. Mmoja akasema, “Huyo mama namjua, kaka yangu alimpelekea suruali.” Wakacheka tena.

Gauni la kijani likasimama.

Shangazi hakugeuka kuwatazama waliocheka. Alimtazama yule binti, akazungumza kwa adabu kama anavyozungumza na wateja. “Mama huyo ni mimi, mwanangu. Na maneno hayo hayakutoka kwa huyu dada yenu. Mimi niliitazama video yake kabla haijatoka. Kuna mtu aliibandika. Msimwaibishe mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake.”

Akaketi, akauweka mkoba mapajani.

Kwenye masikio yangu nilisikia bitana imeacha kusuguana. Alikuwa hapumui. Kidole changu kilikuwa kwenye kitelezi cha sauti, na nakuambia wazi, nilifikiria kukishusha, nisingizie umeme, nimwokoe. Sikukishusha. Sijui kama ni kwa kumpenda au kwa kuchoka naye.

Akavuta pumzi. Akaikunja ile karatasi.

“Nianze upya,” akasema. “Kile kichwa niliandika mimi.”

Akaichomeka karatasi mfukoni mwa koti.

“Huyu ni shangazi yangu. Amenilea. Nilimwonyesha video haina maneno, akaikubali, nikaenda nikaandika maneno yangu nje ya video, mahali asipoweza kuyaona. Picha ile nilichagua mimi. Mshale niliuchora mimi. Koti halikuharibiwa, lilitengenezwa, na nilijua linatengenezwa wakati naandika limeharibiwa. Watu elfu arobaini walikisoma kichwa hicho. Wateja wake wameondoka. Alhamisi alinitetea mbele ya mteja nikanyamaza. Leo amenitetea mbele yenu.” Akamgeukia aliyeketi mstari wa mbele. “Shangazi, hakuna mtu aliyeibandika. Ni mimi.”

Aibu ya mtu mwingine ni mzigo wa ajabu. Unautazama na wewe ndiye unayetaka kujificha. Mratibu alikuwa anasoma beji yake mwenyewe. Yule binti ameiweka simu chini ya paja. Mimi uso ulikuwa unaniwaka, maana nilikuwa nimeiona ile picha kabla ya watu wote na kazi yangu ilikuwa kucheka.

Shangazi hakusimama tena. Alishika mkoba kwa mikono miwili. Akauliza, polepole, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya sana sote tulisikia bila maikrofoni:

“Na yule niliyemfukuza mlangoni?”

“Alisema kweli, shangazi.”

“Mimi nilimwita mwongo.”

“Ndiyo.”

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, “Haya. Umeitwa kuwafundisha watoto wa watu. Wafundishe.”

Akabaki ameketi pale pale, mstari wa mbele, mgongo umenyooka, asimtazame. Chapuchapu akawafundisha, pamoja na kwamba kichwa ukikibadilisha mtandaoni, nakala zilizo kwenye simu za watu hazibadiliki. Aliionyesha video yote, dakika kumi na mbili, bila kichwa na bila jalada, akaomba kila mmoja aandike kichwa baada ya kufika mwisho na si kabla. Ilipofika pale bega linapokaa sawa, kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona, “Mama huyu ni balaa.” Walipiga makofi kweli. Shangazi hakuinua mkono wala kutabasamu, na sikumlaumu. Makofi hayo yalikuwa yamechelewa, na waliopaswa kuyapiga walikuwa wengine.

Warsha ilipokwisha tulimkuta nje kwenye kivuli cha ukuta. Chapuchapu alianza kuvua lile koti, nadhani alitaka kumrudishia, sijui kwa nini. Mtu mwenye haya hufanya mambo ya kijinga na mikono yake.

“Livae,” shangazi alisema. “Huko unakokwenda utalihitaji.”

“Nakwenda wapi?”

“Umesema ukikibadilisha kile kichwa hakibadiliki kwenye simu za watu. Nilisikia, umefundisha vizuri. Basi utawafuata waliko. Mimi niliwaambia watu sita kwa mdomo wangu kwamba si wewe. Siwezi kurudi kwao nikasema mtoto wangu ni mwongo, mdomo utakataa. Utasema mwenyewe.”

“Nitawapigia simu leo hii—”

“Mlangoni,” akasema shangazi. “Kama mimi walivyonijia mlangoni.”

Chapuchapu akanigeukia. “Twende wote. Nisije nikageuka njiani.”

Nilikuwa na nyaya za kukunja na spika za kurudisha. Nikamwachia mratibu.

Tulianza na yule aliyefukuzwa, kwa amri ya shangazi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yenye geti la bati lenye kutu chini. Shangazi alisimama hatua chache nyuma, gauni la kijani na mkoba, mahali ambapo atakayefungua atamwona. Hakutusogelea. Tangu ukumbini alikuwa hajamwita mpwa wake mwanangu.

Chapuchapu alipiga hodi, akangoja. Akapiga tena. Tulisikia ndala zikija uwanjani bila haraka. Alijinyoosha koti, akaligusa kwapa pale palipokuwa pamefumuka, na hakupaona.

Geti likafunguka. Mwalimu akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha macho yake yakampita bega yakamfikia aliyesimama nyuma.

“Shikamoo,” Chapuchapu alisema. “Kile kichwa niliandika mimi.”